Umejuaje, au Imekuwaje?

Ripoti iliyonifunza tofauti kati ya hoja na maelezo niliiandika mwenyewe, nikaitia sahihi mwenyewe, na kwa siku mbili nzima nikaiona ni ripoti safi. Nilikuwa mwalimu wa hisabati mwaka wa pili kazini. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye katika jaribio la kwanza alipata alama 41, alipata 78 katika mtihani wa mwisho wa muhula. Mimi ndiye niliyesimamia mtihani ule, na mimi ndiye niliyesahihisha. Nikashika kalamu nikaandika hivi:

"Alama za mwanafunzi huyu zimepanda kutoka 41 hadi 78 kwa sababu aliona maswali kabla ya mtihani. Aliyaona kwa sababu siku moja kabla aliingia chumba cha kuchapia. Ndiyo maana alimaliza nusu saa kabla ya wenzake. Kwa hiyo anastahili kufutiwa matokeo."

Isome tena, utaona inavyoteleza vizuri. Kila sentensi imeshikana na mwenzake kwa neno la kuunganisha, na mwisho kuna hukumu. Nilipoipeleka kwa mwalimu wa taaluma, mama mmoja mtu mzima aliyefundisha miaka mingi kabla yangu, nilitarajia asaini tu.

Hakusaini. Alichukua penseli akazungushia duara maneno manne: kwa sababu, kwa sababu, ndiyo maana, kwa hiyo. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Mwalimu, hapa kwenye hii ya kwanza, unatuambia umejuaje, au unatuambia imekuwaje?"

Sikumwelewa. Nikamjibu kwamba sababu ni sababu. Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia karatasi, akasema nikae nayo hadi kesho.

Usiku ule nilikaa nayo kweli, na swali lake lilinisumbua kuliko nilivyotegemea. "Umejuaje" na "imekuwaje" ni maswali mawili tunayoulizana kila siku, na hakuna mtu anayeyachanganya mdomoni. Ukiniambia taa haiwaki, nikakuuliza imekuwaje, utaniambia betri imekwisha. Sibishi kwamba taa haiwaki, maana tumekaa gizani wote wawili. Ninachotaka ni chanzo. Lakini ukiniambia betri imekwisha, nami nikakuuliza umejuaje, utaniambia taa haiwaki. Hapa ninachotilia shaka ni betri, na wewe unanipa cha kuegemea ili nikubali. Maneno ni yaleyale mawili, taa na betri. Tazama sasa yanavyokaa kwenye sentensi:

Taa haiwaki kwa sababu betri imekwisha.

Betri imekwisha kwa sababu taa haiwaki.

Ya kwanza ni maelezo. Betri ndiyo iliyoizima taa. Ya pili ni hoja. Taa kutowaka hakuimalizi betri, ila kunatupa msingi wa kuamini kwamba imekwisha. "Kwa sababu" imesimama palepale katikati, haikubadilika hata herufi, na kazi yake imegeuka. Ndiyo shida ya neno hili. Katika sentensi moja linaonyesha chanzo cha jambo, katika nyingine linaonyesha msingi wa imani, na sarufi haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Kitu kinachokuambia ni hiki: angalia ni upande gani wa sentensi ambao nyote mmeshaukubali. Katika maelezo, jambo lililokubaliwa ni lile linaloelezwa. Taa haiwaki, hilo halina mjadala, tunatafuta tu kilicholileta. Katika hoja, kilichokubaliwa ni msingi, na jambo lenye shaka ni hitimisho, lile unalotaka msikilizaji alipokee. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maneno ya kuonyesha, mimi sasa hujiuliza kwanza: kati ya haya mawili, lipi lina ubishi?

Nikairudia sentensi yangu ya kwanza kwa jicho hilo. Alama zimepanda kutoka 41 hadi 78: hilo halina ubishi, liko kwenye daftari la alama. Aliona maswali: hapo ndipo ubishi wote ulipo. Basi sentensi yangu ilikuwa maelezo, na "kwa sababu" yake ilikuwa ya imekuwaje. Lakini mimi nilikuwa nimeitumia kana kwamba imethibitisha wizi. Haikuthibitisha chochote. Ilichukua jambo lisilo na shaka ikalielezea kwa jambo lenye shaka, na kwa kuwa upande mmoja ulikuwa imara, ule mwingine ukaonekana imara pia. Naamini wengi tunadanganyika kwa njia hii, na wala si kwa nia mbaya. Maelezo yakiingia vizuri akilini, mtu huhisi kama amethibitishiwa.

Kujihakikishia, nilijaribu kuondoa "kwa sababu" na kuweka moja ya vishazi viwili visivyo na utata: "kilicholeta hayo ni kwamba", au "nimejua hivyo kwa kuwa". Ukiweka cha kwanza na sentensi ikabaki ikisema ulichokusudia, ni maelezo. Ukiweka cha pili na ikakubali, ni hoja. "Alama zimepanda, kilicholeta hayo ni kwamba aliona maswali." Inakubali. "Alama zimepanda, nimejua hivyo kwa kuwa aliona maswali." Upuuzi mtupu. Nilijua zimepanda kwa kuwa nilizijumlisha mwenyewe.

Sentensi ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu. "Aliyaona kwa sababu siku moja kabla aliingia chumba cha kuchapia." Ukiisoma haraka ni maelezo: aliingia, ndipo akapata nafasi ya kuona. Lakini kumbuka kanuni ya ubishi. Kuona maswali ndilo jambo lenye shaka. Kuingia chumbani hakukuwa na shaka, kwa maana jina lake lilikuwa kwenye daftari la funguo. Mwalimu mwingine alimtuma akachukue karatasi tupu. Kwa hiyo, kwa kazi yake, sentensi hii ilikuwa hoja iliyovaa nguo za maelezo. Msingi: aliingia chumba cha kuchapia. Hitimisho: aliona maswali. Na nilipoivua zile nguo nikaiona ilivyo, nikagundua jinsi ilivyo dhaifu. Kuingia chumbani si kuona karatasi. Ili hoja isimame ilihitaji msingi mwingine ambao sikuuandika: kwamba wakati anaingia, maswali yalikuwamo. Maadamu nilidhani ninaeleza tu, halikunijia hata kidogo wazo la kuuliza kama yalikuwamo.

Asubuhi nilikwenda kuuliza. Daftari la funguo lilionyesha mwanafunzi aliingia saa nne asubuhi. Maswali nilikuwa nayo mwenyewe, kwenye mkoba wangu, hadi saa saba mchana, na nakala zilitolewa saa tisa alasiri. Nilisimama pale na lile daftari mkononi nikijisikia mjinga. Habari zote hizo nilikuwa nazo tangu mwanzo. Mkoba ni wangu.

Sentensi ya tatu ilianza kwa "ndiyo maana", na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani, kwa sababu neno hili karibu daima ni la maelezo. Linarudi nyuma kwenye jambo ambalo msikilizaji analijua na kusema: hilo unaloliona limetokana na hili. Jaribu uone. Umefika nyumba ya rafiki, mlango una kufuli. Unaweza kusema, "Mlango umefungwa, kwa hiyo ametoka." Unaweza pia kusema, "Mlango umefungwa, itakuwa ametoka." Lakini huwezi kusema, "Mlango umefungwa, ndiyo maana ametoka," labda kama unamaanisha kwamba kufuli ndiyo iliyomfukuza. Ukipigiwa simu ukaambiwa yuko safarini, hapo sasa unasema, "Aa, ametoka, ndiyo maana mlango umefungwa."

Hiyo "itakuwa" nimeipenda tangu nilipoanza kuitazama. Kwa umbo ni wakati ujao, lakini mtu akisema "itakuwa ametoka" hazungumzii kesho. Anakiri kwamba hakuona kwa macho, amekadiria kutokana na dalili. Ni kionyeshi cha hitimisho chenye unyenyekevu ndani yake. Laiti ningeandika "itakuwa aliona maswali", ningejishtukia kwamba ninakadiria.

Badala yake niliandika "ndiyo maana", na nikilitazama sasa naona hili ndilo lililokuwa na madhara makubwa kuliko yote manne. Neno hili hulichukulia jambo lililotangulia kuwa limekwisha kubalika. "Ndiyo maana alimaliza nusu saa kabla ya wenzake" inamwambia msomaji: lile la kuona maswali tumeshalimaliza, sasa tunahesabu matokeo yake. Wakati huohuo, kwa siri, nilitaka kule kumaliza mapema kuwe ushahidi. Yaani nilikula pande zote mbili: wizi unaelezea kumaliza mapema, na kumaliza mapema kunathibitisha wizi. Duara kamili, na hakuna hata ncha moja iliyogusa ardhi.

Sitaki kusema kwamba maelezo hayawezi kamwe kutumika kama hoja. Yanaweza, na fundi, daktari na mpelelezi huishi kwa njia hiyo: unachukua dalili zinazojulikana, unatafuta chanzo kinachozielezea vizuri kuliko vingine, kisha unahitimisha kwamba chanzo hicho ndicho. Lakini kazi hiyo ina hatua ambayo mimi niliiruka. Lazima uviweke mezani na vyanzo vingine vinavyoweza kuleta dalili zilezile, uvipime kimoja kimoja. Kama kuna chanzo kingine kinacholingana nacho au kukizidi, hitimisho lako halijasimama.

Basi nikavipima, jioni ya siku ya pili, na karatasi yake ya mtihani mbele yangu. Jaribio la kwanza, lile la 41, lilikuwa la aljebra tupu. Mtihani wa mwisho ulikuwa zaidi ya nusu jometri. Nikafungua alama zake za mwaka uliotangulia: kwenye jometri alikuwa na 74. Hapo tayari kupanda kwake kulikuwa na maelezo mengine yasiyohitaji chumba cha kuchapia wala funguo. Na kumaliza mapema? Swali la mwisho, la aljebra, lenye alama 10, aliliacha wazi. Hakuandika hata mstari. Alimaliza mapema kwa kuwa alifika pasipomfaa akaweka kalamu chini. Na mtu aliyeyaona maswali jana yake, kwa nini aliache wazi swali la alama 10?

Angalia hilo la mwisho lilivyofanya kazi. "Swali la mwisho aliliacha wazi" lilitumika mara mbili, na kila mara kwa kazi tofauti. Kwanza lilikuwa sehemu ya maelezo: limeleta kumaliza mapema. Kisha likawa msingi wa hoja: linatupa sababu ya kutoamini kwamba aliyaona maswali. Sentensi haizaliwi ikiwa msingi, hitimisho au maelezo. Inapewa kazi mahali ilipowekwa.

Sentensi ya nne, ya "kwa hiyo", ilikuwa ndiyo pekee iliyosema wazi kwamba ni hitimisho, na haina mengi. Ilikuwa na msingi uliojificha, kwamba anayeona maswali hufutiwa matokeo, lakini huo ulikuwa kanuni inayojulikana na wote. Ilianguka tu kwa kuwa ilisimama juu ya tatu zilizoanguka.

Nilirudi kwa mwalimu wa taaluma na ripoti mpya ya mistari miwili. Hakunicheka. Alinisimulia jambo ambalo baadaye nililitafuta na kulikuta ni la kweli: kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliitenganisha hali hii kwa mfano wa sayari. Nyota humetameta, sayari hazimetameti. Unaweza kusema: sayari hazimetameti, na kisichometameta kiko karibu, kwa hiyo sayari ziko karibu. Hapo umetoa hoja inayoonyesha kwamba ziko karibu. Au unaweza kusema: sayari ziko karibu, na kilicho karibu hakimetameti, kwa hiyo sayari hazimetameti. Hapo umeonyesha kwa nini. Zote mbili zinafuata kanuni sawasawa, na zote mbili zina "kwa hiyo". Lakini ni ya pili tu inayokwenda na mwelekeo wa mambo yenyewe, maana ni ukaribu unaoizuia sayari kumetameta. Kutometameta hakuwezi kuivuta sayari ije karibu. (Leo tunajua undani wake: sayari, kwa kuwa iko karibu, huonekana kama duara dogo, na mtikisiko wa hewa hauiyumbishi kama unavyoiyumbisha nyota, ambayo ni nukta tu.)

"Kwa hivyo hata 'kwa hiyo' si ya kuaminika?" nilimuuliza.

"Neno lolote ni kibao cha njiani, mwanangu," akasema. "Kinaweza kugeuzwa na upepo. Kifuate, lakini uangalie na njia."

Tangu hapo nimekuwa nikivitazama hivi vibao. Vya misingi ni vingi: kwa kuwa, kwa vile, maadamu, madhali, kwani, maana. Vya hitimisho ni vichache: kwa hiyo, hivyo basi, inafuata kwamba, itakuwa, na "lazima" ya mtu anayesema "lazima amechoka" bila kumwamuru mtu kuchoka. "Madhali" na "maadamu" huwa nazitegemea zaidi, kwa sababu huleta jambo ambalo msemaji anaona limekubaliwa, na kinachofuata huwa ni hitimisho au uamuzi. "Kwani" inahitaji tahadhari: ikiwa katikati ya sentensi huleta msingi au chanzo, lakini ikianza sentensi mara nyingi ni swali la mshangao tu, "Kwani hukuja jana?", wala hakuna hoja hapo. "Maana" nayo inaweza kuwa nomino. Na "basi" inafanya kazi nyingi mno, ikiwemo ya kunyamazisha watu, hata nimeacha kuihesabu.

Wiki iliyofuata baba wa mwanafunzi alikuja. Ripoti ya kwanza haikufika mbali, lakini habari ilikuwa imeshamfikia mtoto, na mtoto akaifikisha nyumbani. Baba aliketi mbele yangu, mpole kuliko nilivyostahili, akaniuliza, "Mwalimu, nataka kujua jambo moja tu. Ulimshuku mwanangu kwa sababu gani?"

Nilianza kumjibu: chumba cha kuchapia, kumaliza mapema, kupanda kwa alama. Nikaishia njiani. Nilisikia swali lake kwa masikio ya yule mama wa penseli. Linaweza kuwa na maana mbili. Ulikuwa na misingi gani ya kumshuku? Au: ni nini kilichokufanya umshuku? La kwanza linadai hoja, la pili linadai maelezo, na mimi nilikuwa nikimpa jibu la kwanza ilhali nililokuwa nalo kweli ni la pili.

Nikamwambia misingi niliyokuwa nayo haikutosha, na nikamweleza kila mmoja ulivyoanguka, saa nne, saa saba, saa tisa, hadi swali la mwisho lililoachwa wazi. Kisha nikamwambia lililobaki. Kwamba baada ya lile jaribio la 41, mimi nilisema mbele ya darasa zima kwamba mtoto huyu hatavuka 50. Alipoleta 78, ilikuwa ama yeye ameiba au mimi nimekosea, na nikachagua.

Alinitazama kwa muda. "Hilo la pili," akasema, "ndilo nililokuwa nauliza."